Nondo za Barazani kwa Mwenyekiti

Shuleni walimwita Kengele, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Mwalimu mkuu huyo akifungua kinywa ofisini, hata aliyeko chooni anaharakisha. Lakini siku wakaguzi walipokuja, sauti aliimeza tangu asubuhi. Alitaka kitu kimoja tu: shule yake ikubaliwe kuwa kituo cha mitihani.

Mwaka uliopita watahiniwa wake walifanyia mtihani shule jirani, ng'ambo ya mto. Mvua ikanyesha, maji yakapanda juu ya daraja, na binti aliyeongoza darasa miaka yote akafika akiwa amelowa chapachapa, muda wa kuruhusiwa kuingia umeshapita. Mtihani wa hesabu ukampita hivyo hivyo. Kengele aliapa: mwakani havuki mtu.

Wakaguzi walikuwa wawili, mama wa miwani na bwana mrefu mwenye tepu ya kupimia. Walitazama cheti cha usajili wa shule, wakauliza idadi ya watahiniwa, wakaingia ukumbini. Bwana akapima nafasi kati ya dawati na dawati, mtu asije akachungulia kazi ya mwenzake. Mama akaangalia mwanga na madirisha, akanyoosha kidole kwenye ramani ukutani.

"Siku ya mtihani kuta ziwe tupu."

"Zitakuwa tupu kama kiganja, mama."

Vyoo, maji, uzio, maabara, njia ya gari la mitihani: kote walitikisa kichwa kukubali. Mwenyekiti wa bodi, kaka wa mume wake Kengele, alitembea nyuma yao ndani ya suti, akitabasamu kama bwana harusi.

Kikabaki chumba cha kuhifadhia mitihani. Mlango wa chuma, kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu mkuu na mwingine kwa makamu wake, ili asiingie mmoja peke yake. Dirisha dogo lina nondo. Ndani kabati la chuma tu.

"Naomba ufagio," alisema mama wa miwani.

"Pamefagiwa, mama."

"Nipe tu."

Akasukuma mpini juu. Ubao wa dari ukanyanyuka kama mfuniko wa sufuria. Bwana mrefu akapanda kiti, akamulika tochi.

"Ukuta umeishia hapa. Mtu akipandia chumba cha jirani, anashukia kwenye bahasha za mitihani."

Kengele akamgeukia mwenyekiti. Juu ya ubao ule ulitakiwa uwepo wavu wa nondo, na mwenyekiti ndiye aliyesimamia ujenzi shule ikiwa likizo. "Umeshawekwa, shemeji, umefichwa na dari," alimwambia. Kengele akaamini, hakupanda kuangalia.

"Kasoro ndogo," mwenyekiti alicheka. "Ubao wa dari unatosha. Nani ataparamia huko?"

"Mwizi," alijibu mama wa miwani. "Siwezi kupendekeza kituo hiki. Mkirekebisha kabla usajili wa watahiniwa haujafungwa, tutarudi. La sivyo, watoto waende walikokwenda."

Gari la wakaguzi lilipotoka tu getini, Kengele akampigia fundi wa vyuma.

"Wavu wangu uko wapi?"

"Mwalimu, usinile mbichi. Niliutengeneza. Mwenyekiti akasema nikaufunge barazani kwake kwanza, ameibiwa redio. Wa shule ungefuata."

Sauti iliyomezwa tangu asubuhi ikatoka yote. Njia nzima ilimsikia akienda, fundi nyuma na mashine yake ya kukatia. Mume wake akawakuta kwenye baraza la mwenyekiti.

"Mke wangu, taratibu. Huyu ni kaka yangu."

"Na wale ni watoto wangu. Shika ngazi, baba watoto."

"Shemeji, utanidhalilisha mbele ya majirani!" mwenyekiti alilalama.

"Binti wa watu alisimama nje ya mlango akitiririka maji, kalamu mkononi. Hukudhalilika. Leo umejua neno hilo? Fundi, kata!"

Cheche zikaruka. Mume akashika ngazi, macho chini.

Wavu ulifungwa shuleni, ncha za nondo zikizamishwa ndani ya kuta nne, na safari hii Kengele alipanda mwenyewe akaning'inia kwa mikono miwili. Wakaguzi waliporudi, mpini wa ufagio ulinyanyua ubao kidogo ukagonga chuma: ngo! Mama wa miwani akasaini pendekezo, na ofisi ya mitihani ikatoa namba ya kituo kabla usajili haujafungwa. Yule binti, aliyekuwa anarudia, aliandikishwa hapo hapo.

Kesho yake mwenyekiti akaja ofisini, amenuna.

"Shemeji, baraza langu liko wazi. Wezi wakirudi je?"

Kengele hakuinua hata macho.

"Weka ubao wa dari. Si ulisema unatosha?"