Vikombe Vitatu vya Kahawa ya Randu

Kwa miaka ishirini na miwili Eddah Nyale alichambua buni kwenye ghala moja la kahawa huko Changamwe, mbovu akizitupa kushoto na nzima kulia, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kahawa ina ladha gani. Buni alizijua kwa vidole. Kahawa ya kunywa aliijulia nyumbani Chaani, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake: kaanga, twanga, chemsha na tangawizi mpaka ipungue irudi nusu sufuria. Mumewe, Randu, alikunywa kikombe kimoja kila alasiri, na kila alasiri aliisifu.

Siku hizi hata kikombe hicho kilikuwa cha kupimwa. Figo za Randu zilikuwa zimechoka na daktari alikuwa amemwekea kiasi cha maji kwa siku. Mzee huyo, aliyeendesha winchi bandarini hadi mgongo ulipomkataa, alikubali kukaa na kiu asubuhi nzima ili kahawa yake ibaki. Muuguzi wa kliniki alimvuta Eddah kando.

"Mama, siku atakayokuambia kila kitu kinywani ni kichungu, usisubiri tarehe ya kwenye kadi. Mlete."

"Na nikimleta?"

Muuguzi alitazama orodha ya wanaongojea mashine ya kusafisha damu, akaigeuza upande wa pili, ambao nao ulikuwa umejaa.

Wiki sita baadaye Randu alionja kahawa yake akakunja uso. "Mama Nyamvula, leo umenipikia mwarobaini?"

Eddah alicheka. Kesho yake uso ukakunjwa tena, na hapo hakucheka. Alikaa jikoni akatafuta sababu, akaipata, na moyo ukamtulia kidogo. Mwezi huohuo bega lake lilikuwa limekataa mchi. Badala ya kutwanga, alipeleka kahawa kwa Jafar, mwenye mashine ya kusaga mahindi, naye akaisaga ikawa laini kama poda ya mtoto. Basi ni kahawa. Si kinywa cha Randu, ni kahawa.

Wiki ya tatu, uso ukiwa bado unakunjwa, alimpelekea Wanjiru kikombe. Wanjiru alikuwa jirani wa chumba cha pili, msichana wa Nyeri aliyeajiriwa kuonja kahawa kwa wanunuzi, na watu wa plotini walimtania kwamba analipwa kutema mate.

"Shikamoo, Mama Nyamvula."

"Marahaba, mwanangu. Onja hii, uniambie kweli. Usinionee haya."

Wanjiru alivuta funda moja kwa kelele, akalizungusha mdomoni, akafumba macho. "Nikuambie kweli?"

"Nimekuambia."

"Hii ni adhabu, mama. Uchungu wake haushuki, na ukakasi unabaki ulimini kama ndizi mbichi."

Eddah alitamani kumkumbatia. "Kwa hivyo ni kahawa yenyewe?"

"Buni ni nzuri, tatizo ni upishi. Maji yakikutana na kahawa hayatoi vitu vyote kwa mpigo. Kwanza hutoka ule uchachu mzuri, kisha utamu, na mwishowe huu uchungu mkali. Ukisaga laini hivi, maji yanaingia kila mahali upesi. Halafu unaichemsha mpaka ipungue! Unakamua hata kile ambacho kingebaki kwenye mashapo."

"Zamani nilichemsha vilevile na alikunywa."

"Zamani ulitwanga, ilikuwa chengachenga, maji yakachelewa kuingia ndani. Tena huku pwani maji yanachemka mpaka nyuzi mia kamili. Kwetu mlimani hayafiki huko. Ukishaepua sufuria, ngoja kidogo kabla ya kumimina. Yaache dakika nne na kahawa yako, kisha chuja yote. Usiirudishe motoni hata kama mkono unakuwasha."

Jumamosi Eddah alishika mchi kwa mkono wa kushoto. Alitwanga mpaka kahawa ikafanana na mchanga wa pwani, akaacha hapo. Maji yalipochemka aliyaepua, akayatazama mpaka mapovu yakaisha. Alimimina, akafunika, akahesabu dakika nne kwenye simu huku mkono ukimwasha kweli, kwa kuwa kahawa isiyorudi motoni ilikuwa kwake kama wali usiopaliwa makaa. Akachuja, akaonja.

Alisimama na kikombe mkononi. Ilikuwa na utamu ambao hakuutia, na kitu cha kuchachua mbali sana, kama ukwaju. Miaka ishirini na miwili kitu hiki kilipita kati ya vidole vyake ndani ya magunia. Nyamvula, binti yake, alionja na kurudi na kikombe kikubwa zaidi. "Mama, hii umeinunua wapi?"

Ingemtosha kumpelekea Randu kikombe na kumsubiri aseme. Lakini alimjua mumewe. Randu angesema ni tamu ili ampendeze. Wanjiru alikuwa amemweleza jinsi wanavyopimana kazini: vikombe vitatu, viwili sawa na kimoja tofauti, uonje useme kipi ndicho mgeni. Basi akapika na ile ya zamani, ya unga wa Jafar, akaichemsha mpaka ikawa nzito kama lami. Akapanga vikombe vya plastiki kwenye sinia: nzuri pembeni, mbaya katikati, nzuri pembeni. Katika kila kimoja mafunda mawili tu, kwa ajili ya daktari.

Randu alikuwa ameketi kitandani akisikiliza redio. Aliona sinia akatabasamu. "Leo kuna harusi?"

"Leo kuna mtihani, Baba Nyamvula. Kimoja hapa si kama wenzake. Nionyeshe."

"Nikifaulu napewa nini?"

"Onja kwanza, mzee."

Alionja cha kwanza polepole. Akaonja cha katikati. Eddah alimwangalia paji la uso, mashavu, kila mahali ambapo uso hukunjika. Haukukunjika. Akaonja cha tatu, akarudi cha kwanza, akarudi cha katikati.

"Rudia," alisema Eddah. "Usifanye haraka."

"Vyote ni kimoja, mama."

"Haiwezekani. Randu, kimoja ni lami!"

Hakuwa na mazoea ya kumwita kwa jina. Randu alizima redio. "Vyote ni shubiri," alisema kwa upole. "Na ugali wa jana. Na yai. Hata mate yangu, nikiamka."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kwenda kwa Jafar. Au kabla kidogo."

"Mbona ulisema kahawa tu?"

"Kahawa ndiyo iliyoniuma kuikosa. Kisha nikakuona umejifunga kibwebwe, unashindana na mashine ya Jafar, unashindana na maji. Nikaona nikuache. Ulikuwa na mtu wa kulaumu."

Eddah aliketi kitandani kando yake. Alifikiria wiki tatu alizozitumia kutafuta kosa kwenye unga, na kosa lilikuwepo kweli, Wanjiru hakudanganya, na amelirekebisha. Ndiyo maana sasa hakubaki na jingine la kurekebisha.

"Kesho tutakwenda kliniki," alisema.

"Kesho ni Jumapili."

"Basi Jumatatu alfajiri."

"Kukaa kwenye foleni."

"Kukaa kwenye foleni, ndiyo."

Randu alimsogezea sinia. "Nionyeshe kipi kilikuwa kizuri."

Alimwonyesha. Randu alikichukua, akakinusa muda mrefu, kisha akamwekea mkononi. "Kunywa wewe. Uniambie ikoje."

Eddah alikunywa. "Ni tamu," alisema.

"Tamu vipi? Niambie vizuri."

Akaanza kumwambia.