Mpokeaji Wageni Asiyemsema Bosi Wake

Mpokeaji wageni alipoulizwa, katika usaili wa kazi kwenye hoteli nyingine, kwa nini anaacha hoteli anayofanyia kazi sasa, wasaili wote watatu walisogeza viti mbele. Bosi wake alijulikana kwa ukali, na masikio yaliwawasha.

"Sema tu, dada, hapa ni nyumbani," alimbembeleza mmoja wao, meneja wa hoteli hiyo.

"Kazi yote ya mapokezi nimefundishwa pale," alijibu. "Ila msimamizi ni mmoja, na haondoki leo wala kesho. Ninyi mnatafuta msimamizi, na mimi niko tayari kuongoza wenzangu."

"Na ule ukali wa bosi?" meneja alichokonoa.

"Sio unaoniondoa, mzee."

Wasaili walirudisha viti nyuma, wamenuna. Alipotoka, meneja alishusha pumzi.

"Mchukueni huyu. Siku akituhama, aibu zetu zitabaki humu humu."