Frais za Kutosha Pesa Kila Jioni

Nilipomaliza masomo ya jioni kule Butembo, upande wa hesabu za biashara, mama yangu alitembeza diploma yangu mtaa mzima kama mtoto mchanga. Nadhani hata mbuzi wa majirani waliiona. Tangu siku ile, mtu yeyote wa ukoo aliyegombana na namba alinitafuta mimi. Nimehesabu vitunguu vya shangazi, nimehesabu mbao za mjomba, na kama ungeniletea mvua ya Butembo ningekutolea jumla yake kabla haijakauka. Hesabu moja tu ndiyo hainichekeshi ninapoikumbuka. Niliifanya Beni, mtaa wa Beu, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu.

Mke wake ndiye aliyeniita kwa simu.

“Shemeji, kuya. Yaya yako anataka kuuzisha machine yangu ya kushona. Anasema pari inalipa kupita nguo. Mimi sijue hesabu ya pari. Weye unaijua hesabu. Kama inalipa kweli, nitanyamaza. Kama hailipe, uniambie.”

Kaka alikuwa mfanyabiashara wa maharagi. Miaka na miaka alipanda njia ya Mbau, akanunua kwa wakulima, akauza sokoni Beni. Njia ilipoharibika kwa sababu ya vita, akabaki nyumbani na mtaji wake, na ule mtaji akauweka kwenye pari, yaani kubashiri michezo ya mpira. Usidhani alikuwa mjinga wa kubahatisha. Kaka alisoma timu kama padri anavyosoma misale. Hakuwahi kukimbilia tiketi zile za mechi kumi na tano zinazoahidi nyumba ya ghorofa. Aliweka mise, yaani dau, ndogo zenye kulingana, mechi moja moja.

Nilifika Jumapili baada ya misa ya pili. Shemeji alikuwa amefunika machine kwa kitambaa cheupe, pembeni ya dirisha, na juu ya kiti palikuwa na rundo la nguo za shule zilizokatwa bila kushonwa. Hakushona tena tangu mnunuzi alipokuja kuiangalia. Mnunuzi alikuwa amesema atarudi Jumapili hiyo, saa kumi.

“Comptable, mutu wa hesabu, amefika!” kaka akacheka. “Mama batoto, leta chai ya mkubwa, diploma yake inasikia baridi.”

“Diploma yangu inasikia njaa, yaya,” nikamjibu, na tukacheka wote wawili. Shemeji hakucheka.

Kaka akanieleza. Katika miezi mitatu, ukijumlisha mise zote, franga ileile ikiingia na kurudi na kuingia tena, alikuwa ameweka milioni mbili. Ndani ya akaunti ya pari zilirudi milioni mbili na laki moja.

“Donc, basi, kwa kila franga mia, mi minapata tano juu. Hata benki haiwezi. Sasa waza, nikiongeza na pesa ya machine!”

Nilipekua tiketi zake ndani ya simu nusu saa nzima, nikitafuta kosa. Sikuliona. Tano kwa mia, kweli. Nikamwangalia shemeji, nikaona anaisoma sura yangu.

Ndipo nikauliza swali ambalo mwalimu wetu wa jioni alikuwa akituuliza mpaka tunalichukia: pesa ilipita wapi kabla ya kufika mkononi?

“Ilipita kwa kabini, si unajua.”

Kila jioni kaka alikuwa akitoa pesa yote, ndiyo tunaita kutosha, kutoka akaunti ya pari kuipeleka kwenye simu, kisha kutoka simu anaenda kuichukua taslimu kwa mama wa kabini, kibanda cha pesa za simu, pale njiapanda. Anaimwaga mezani, shemeji anachukua ya sombe, majani ya muhogo, na unga, na asubuhi ile iliyobaki inarudi kabini, inarudi simu, inarudi pari. Nilimuuliza kwa nini yote. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini watu wanavaa viatu.

“Mufanyabiashara analala aje bila kuona pesa yake? Ya maharagi ilikuwa inalala hapa, juu ya meza. Hii nayo vilevile.”

Kumbe soko lake lilihama, lakini mazoea ya soko hayakuhama.

Nilimwomba anifungulie ujumbe wa kampuni ya simu. Kila mwendo wa pesa una ujumbe wake, na mwishoni kabisa, mahali ambapo mtu hasomi, pameandikwa frais, yaani makato. Kuingiza kwenye pari, kidogo. Kurudisha kwenye simu, kidogo. Kuichukua kabini, si kidogo. Kaka akasoma kwa sauti, mimi nikaandika. Mwanzoni alikuwa akisoma haraka haraka, akitania kwamba ananifundisha kuandika. Halafu sauti yake ikaanza kupungua. Shemeji alileta chai, ikapoa.

Jumla ilifika laki moja na elfu thelathini.

“Rudilia,” akasema. Nikarudia. Ilikuwa ileile.

“Pari imekupa laki moja, yaya. Njia imekula laki moja na elfu makumi tatu. Kwa kila mia uliyoweka, hapana tano. Umepoteza moja na nusu.”

“Mais lakini mi nilijua mtaji unapungua juu ya chakula tulikula!”

“Mulikula, ndiyo. Lakini pia mulilipa frais.”

Kisha akainua kichwa, na nakiri alikuwa na akili kuliko darasa letu zima. “Basi mi hapana mubaya kwa mpira. Mubaya ni kwa kutosha. Nitaacha pesa ilale mule ndani, nitatosha mara moja kwa mwezi. Na mtaji ukiwa mukubwa, frais ni kitu kidogo. Donc machine iuzwe, iyo njo dawa yenyewe!”

Nikapiga hesabu yake upya pembeni mwa karatasi. Alikuwa amesema kweli. Pesa ikizunguka ndani bila kutoka, makato yale yale yanagawanyika juu ya mise nyingi, na ile tano yake inaweza kubaki karibu tano. Shemeji akaona sijampinga, akaenda kusimama karibu na machine, mkono juu ya kitambaa.

Nikauliza tu, bila ujanja wowote: “Na unga wa kila jioni, yaya, utatoka wapi?”

“Nitatosha ya unga peke yake.”

“Ya unga peke yake inalipa frais gani?”

Alifungua ujumbe tena. Siku aliyotoa kidogo kabisa, kabini ilikata karibu sawa na siku aliyotoa mara mbili yake. Ukitoa kidogo kidogo ndipo unakatwa zaidi kwa kila mia. Akausoma ule ujumbe, akausoma tena. Kisha akageuka kumwangalia mke wake, na akasema pole pole, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

“Machine ikienda, batoto watakula kwa simu kila siku, na kila siku kabini itakata.”

Nje, watoto wake walikuwa wakipiga mpira wa makaratasi ukutani.

Mnunuzi alifika saa kumi kama alivyosema, mtu wa heshima, pesa ndani ya bahasha. Kaka alitoka kumkuta uani. Alizungumza naye kwa muda mrefu, kofia mkononi, akaomba samahani kwa nauli aliyompotezea, na yule akaondoka na bahasha yake. Kaka alipoingia hakutazama mtu.

“Mama batoto, zile nguo za shule, benyewe bameshalipa?”

“Nusu. Nusu nyingine ni wakimaliza kuzijaribu.”

“Wasingya,” akamwambia. Asante, kwa Kinande, neno ambalo sikuwa nimemsikia akimwambia siku nyingi.

Shemeji akavuta kitambaa kutoka kwenye machine, akakaa kushona. Jioni ile kaka hakwenda kabini. Tulikula sombe iliyonunuliwa kwa pesa ya sare za shule, na kaka alikula kidogo sana, akiwasogezea watoto sahani yake.