Donge Kutoka Sakafu ya Bahari

Mimi na rafiki yangu tulisomea jiolojia pamoja, lakini yeye ndiye aliyechaguliwa kwenda kwenye mikutano ya sheria za kuchimba sakafu ya bahari kuu. Aliporudi alinitembelea kwangu, mtaa wa Majimbo, akamwekea mama yangu mkononi donge jeusi la madini ya manganizi, kubwa kama kiazi.

“Mama, hili lilianza na jino la papa,” akasema. “Madini ya majini yakaligandia, milimita chache kwa miaka milioni. Tukiyazoa madonge haya, wanyama wanaoishi juu yake watakosa makao. Mkutanoni nilisema tungoje.”

Mama alimtazama kwa fahari ambayo sikuwahi kuipata. Wivu ukanipanda.

“Dunia inahitaji kobalti iliyomo humo, ya kutengenezea betri. Tuchimbe!” nikasema.

Mama akanigeukia. “Wewe si juzi ulikuwa ukipinga?”

Nikaenda jikoni kuongeza chai, na sikurudi upesi.