Kutoka Barabarani Hadi Mtoni

Shamba la baba huko Wamagana lilianzia barabarani likateremka hadi mtoni, na utotoni niliamini halina mwisho. Juu nyumba, katikati majani chai, chini nduma na maji baridi ya kuumiza meno. Sisi ndugu saba tulilishuka mbio, mama akitupigia kelele tusivunje chai. Nalipenda mno shamba lile, na bado naliota likiwa zima.

Baba alifariki miaka mingi baada ya mama, bila wosia. Korti ya Nyeri ikataka kila mtoto, hata binti aliyeolewa, atie sahihi kukubali mgao. Sita walitia. Nilibaki mimi, niliyeolewa Chaka.

Nilikataa. Nilitaka hati moja yenye majina yetu sote, tuchume pamoja. Kaka mkubwa akanijia hadi jikoni kwangu.

"Wewe uko na bwana na nyumba huku. Mbona unatufungia?"

"Mkikata hiyo shamba mara saba, na kila mtu anataka barabara na mto, mtapata kamba, si shamba. Na watoto wenu je?"

"Watoto watajipanga. Sisi tunazeekea kwa shamba ya marehemu, ati tukingoja wewe."

Angeweza kwenda kwa hakimu nikipinga, lakini kesi ingetula miaka, tukitazamana kortini kama maadui. Na ni yeye aliyenifundisha kuogelea katika mto ule. Nikatia sahihi. Alipoondoka, nililia.

Bodi ya ardhi iliidhinisha shingo upande. Mpimaji akapima, tukapanda matoka mipakani, maua yale ambayo kwetu huwekwa kuonyesha mwisho wa shamba. Vipande vikawa vyembamba ajabu. Maji ya paa la mmoja humwagikia mahindi ya mwingine. Ng'ombe akigeuka, mkia uko kwa jirani, na jirani ni ndugu yako. Wake wawili wa kaka zangu hawasalimiani kwa sababu ya itoka moja linalodaiwa kusogezwa.

Mwaka huu kaka alirudi Chaka, sasa kwa mkongojo. Wanawe watatu walimshinikiza awagawie kipande chake angali hai. Bodi ilikataa: kila sehemu ingekuwa ndogo mno kulimwa. Vijana wakaamua kujigawia wenyewe, bila kibali wala hati.

"Njoo uwaambie ile kitu uliniambia," akasema. Sikumcheka, ingawa ulimi uliniwasha.

Nikaenda naye Wamagana, tukasimama juu ya shamba, karibu na barabara. Nikawaambia wapwa zangu yote, neno kwa neno, hata habari ya kamba. Mkubwa wao alinisikiliza mimi shangazi yake kwa heshima hadi mwisho.

"Tumekuskia, tata. Lakini sisi tumechoka kungoja. Watoto wetu watajipanga."

Kaka aliinamisha kichwa. Mimi nikatafuta mto kwa macho, nikaona nyua tu. Mpwa wangu akachukua jembe, akaanza kuchimba shimo la itoka la kwanza.