Kiborana Kilichobaki Kwenye CV Yangu

Kiborana changu kilikuwa cha kuazima. Mwenyewe ni wifi yangu, mke wa kaka, Mborana mzaliwa wa Wajir, ambaye tulikaa naye boma moja hapa Garissa. CV yake ilikuwa imepangwa vizuri, na yangu ilifanana na orodha ya kwenda sokoni. Kwa hiyo nilipoona tangazo la shirika moja likitafuta maafisa wa mifugo, nilichukua ya kwake, nikafuta jina, shule na kazi zake, nikajaza zangu, nikatuma kwa baruapepe dakika chache kabla ya muda kufungwa.

Jumatatu nikaitwa kwenye usaili wa Alhamisi. Wifi alisoma CV niliyotuma kwenye simu yangu, akaanza kucheka peke yake.

"Wifi, tangu lini unaongea Kiborana?"

Nikampokonya simu. Kwenye sehemu ya lugha, chini ya Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, kilikuwa kimekaa kwa raha zake: Kiborana, fasaha. Na nafasi yenyewe ilikuwa ya Wajir, kwa wafugaji wa Kiborana. Bila shaka hilo ndilo lililowavutia.

Nakiri wazo la kwanza halikuwa la uaminifu. Nilimwambia wifi anifundishe. Siku tatu zinatosha, nilisema, mimi si mjinga. Alinikalisha jikoni akanipa salamu, kisha sentensi moja ndefu aliyodai inamaanisha "Nimefurahi kufika mbele yenu." Nikaiimba nikiosha vyombo. Kila nikiisema aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Nilidhani ni matamshi yangu.

Jumanne asubuhi nilimuuliza, "Na wakinijibu?"

"Utasema tena hiyohiyo," akasema.

Hapo nikaliona jambo lenyewe lilivyo. Nilijiwazia kwenye boma la watu, ng'ombe mgonjwa amelala chini, mwenye ng'ombe ananieleza dalili, nami namjibu kwamba nimefurahi kufika mbele yake. Nikafungua baruapepe, nikajibu uleule ujumbe wa mwaliko ili usipotee, nikaandika:

"Habari Bwana. Mimi ni mwombaji wa nafasi ya afisa wa mifugo, Wajir, niliyealikwa kwenye usaili wa Alhamisi. Kwenye CV niliyotuma kuna kosa, ukurasa wa pili, sehemu ya lugha. Imeandikwa kwamba naongea Kiborana kwa ufasaha. Si kweli, najua salamu tu. Nilitumia CV ya mtu mwingine kama mfano na sikufuta mstari huo. Mengine yote ni sahihi. Naambatanisha CV iliyorekebishwa, tafadhali itumie badala ya ile ya kwanza. Naomba radhi. Kama hili linabadilisha mwaliko, nitaelewa."

Nikatuma, nikajisikia mtakatifu. Jibu likaja baada ya saa moja:

"Asante kwa kutujulisha. Hata hivyo, CV uliyoambatanisha bado inaongea Kiborana."

Nilikuwa nimeambatanisha ileile ya zamani. Wifi alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Safari hii aliifungua mwenyewe, akaisoma mstari kwa mstari, ndipo nikatuma. Jibu: "Tumepokea. Alhamisi njoo kama ulivyopangiwa."

Alhamisi, kwenye chumba cha usaili, walikuwa watatu: afisa wa ajira, aliyekuwa mtu wa bara mwenye sauti ya upole, mwanamke mmoja aliyeandika tu, na mzee wa Kiborana, daktari wa mifugo mstaafu. Mzee alikuwa na barua yangu iliyochapishwa.

"Kumbe unajua salamu," akasema. "Tusikie."

Nikasalimu, akaitikia. Ningenyamaza hapo. Lakini ulimi uliozoea haushikiki; sentensi ndefu ikatoka yote, safi kabisa.

Mzee alivua miwani. "Nani alikufundisha?"

"Wifi yangu."

"Mwambie hongera. Umetuambia wewe ni mbuzi mwenye mimba na unaomba maji."

Afisa wa ajira aliinamia karatasi zake, akakohoa kwa muda mrefu. Mimi nilitamani sakafu inimeze, kisha nikacheka pia, maana hapakuwa na lingine la kufanya. Baada ya hapo maswali ya chanjo na kupe niliyajibu bila kutetemeka.

Wajir sikupata. Afisa alinipigia wiki iliyofuata na kunieleza waziwazi: pale lugha ni sharti, na wamempata anayeijua. "Lakini tuna nafasi Bura, kule Fafi. Kule ni Kisomali. Utakwenda?"

Nilikubali kabla hajamaliza. Kisha nikaenda jikoni na uso wa msiba, nikamwambia wifi kwamba shirika linamtafuta kwa kosa la kumwita mwombaji mbuzi. Alichukua buibui akaanza kuulizia ofisi iko wapi akaombe msamaha. Nilimwacha afike getini, ndipo nikamwita.