Cherehani ya Sukari kwa Bei ya Kilo

Bei ya mama ilikuwa moja tu, na hata mimi ninayelala darasa la hesabu niliijua: kilo moja ya keki ya vanila yenye krimu, elfu moja mia tano. Ndiyo maana aliniachia simu siku hiyo ya Jumamosi akienda kununua mayai.

Akapiga fundi wa nguo mwenye kibanda karibu na Jogoo Road. Mama yake anafikisha miaka sabini Jumamosi ijayo. Alitaka keki ya chokoleti, kilo mbili, na juu yake cherehani ya sukari, ile ya kukanyaga, mpaka na meza yake.

"Pesa ngapi, kijana?"

"Elfu tatu, aunty," nikasema, kwa sauti ya meneja wa benki.

Mama aliporudi nilijisifu. Akaweka trei ya mayai chini polepole.

"Cherehani ni kilo ngapi, wewe?"

"Si iko juu tu?"

"Juu tu! Basi utaijenga na mimi."

Sikuona kosa liko wapi. Mama hakutaka kumpigia tena. Kwake bei ikishatoka mdomoni imetoka, hata kama ni mdomo wangu. Lakini alikuwa amemwambia baba kwamba keki moja zaidi ya hasara na anarudi kibarua kiwandani. Mimi nilishaonja maisha ya mama akiwa kiwandani: mimi ndiye nilikuwa mpishi. Hakuna aliyenenepa.

Jumanne baada ya shule tukaanza. Aliikanda sukari laini ya kufinyanga, akatia unga wa kuikaza, akachonga mwili. Mimi nikapewa gurudumu. Ilikuwa Julai, na baridi ya mtaani kwetu Mbotela haikaushi hata soksi. Friji nayo haifai. Sukari ikitoka humo inatoa jasho kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini na dipti, naibu wa mwalimu mkuu. Kwa hiyo nilipepea gurudumu kwa daftari la bayolojia, kazi nzuri zaidi ambayo daftari hilo limewahi kufanya.

"Tungeoka kwanza," nikalia.

"Keki nioke leo iliwe Jumamosi? Hii inakauka siku tatu. Keki ni Alhamisi, Ijumaa tunaivisha krimu."

Jumatano jioni yule fundi akafika na elfu tatu zake mkononi. Akainama kuitazama cherehani, akacheka mpaka akashika kiti.

"Gurudumu liko kushoto! La kweli hukaa kulia. Mama yangu ataikataa hii mbele ya wageni. Nani fundi wa hii?"

Mama alinitazama. Nilikuwa nimenakili picha niliyopiga kwenye kioo cha kabati la jirani, nikijipiga mwenyewe na cherehani yake, na kioo kikageuza kulia kuwa kushoto. Uso wangu ulitoka vizuri.

"Si mlihamishe tu upande wa pili?" akauliza fundi.

"Limeshashika, dada. Nikilitoa linavunjika," mama akasema. "Jipya nifinyange usiku huu, ni dogo, litakauka kufikia Ijumaa. Nitafanya."

Na hapo mama angenyamaza, achukue elfu tatu, anifinyange mimi baadaye. Sikuweza kuvumilia.

"Aunty, mita tatu za kitambaa. Sketi ya shule na gauni la harusi lenye shanga, unashona bei moja?"

"Wewe! Shanga moja moja kwa mkono, wiki nzima? Utanitoa macho."

Akatazama gurudumu, akatazama daftari langu.

"Eeh. Kumbe mimi ndiye nimeleta shanga."

"Bei nilisema mimi," nikakiri. "Nilihesabu kitambaa peke yake."

"Basi hesabu tena, bwana meneja. Mbele yangu."

Mama akasema, mimi nikaandika nyuma ya bayolojia: kilo mbili, elfu tatu. Chokoleti, mia nne. Sukari ya kufinyangia na rangi, elfu moja mia mbili. Mikono na siku zake, elfu moja mia tisa. Jumla elfu sita mia tano.

"Na gurudumu la pili?" fundi akauliza.

"Hilo ni la huyu," mama akasema. "Silipishi mtu ujinga wa mtoto wangu."

Fundi alijaribu elfu sita, kwa heshima ya biashara tu. Mama akatikisa kichwa kukataa, mara ya kwanza mimi kumwona akifanya hivyo. Fundi akatoa nusu hapo hapo.

Jumamosi tulipeleka wenyewe. Bibi wa miaka sabini alivaa miwani, akaikagua cherehani pande zote, akapitisha kidole kwenye gurudumu. Kulia.

"Hii ni yangu," akasema. "Kateni keki. Hii haikatwi."

Siku hizi simu ikilia na mtu akauliza kilo moja pesa ngapi, mama hajibu. Anauliza ni ya lini, ndani iwe nini, na juu kukae nini. Kiwanda hakitajwi tena kwetu. Daftari la bayolojia lina sukari mpaka leo, na mwalimu aliniuliza kwa nini sisimizi wamekula mchoro wangu wa figo.